Roming: safari ya megabaiti moja kutoka Madina hadi bili ya Mombasa

Halati yangu alirudi kutoka umra na tende, maji ya zamzam na uso wenye nuru. Siku chache baadaye ikamfikia bili ya simu ya shilingi 27,540. Akanipigia sauti ikitetemeka. "Mwanangu, mimi nilikwenda kwa Mola, sikwenda kupiga simu. Hata moja sikuipiga. Pesa hizi ni za nini?"

Kabla sijafungua duka la simu hapa Mombasa, kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kulinganisha rekodi za roming baina ya kampuni na kampuni. Kwa hiyo nilimwambia, "Halati, tafadhali waombe wakupe bili ya kinagaubaga, mstari kwa mstari, si ule ujumbe wa jumla. Nakuja jioni." Tukakaa barazani kwake Kibokoni na birika la kahawa, nikaisoma bili nzima kwa kalamu mkononi. Kila shilingi ilikuwa na pahala pake ilipotoka, na karibu zote zingezuilika. Mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata bili ile, kwa sababu makosa yake ndiyo ninayoyaona dukani kila msimu wa umra na kila watu wanapotoka kwenda kununua mali Dubai.

Kwanza, jua ni nani anayemdai nani

Roming ni hii: ukiwa ugenini na laini yako ya nyumbani, simu yako hushika mnara wa kampuni ambayo huna mkataba nayo wowote. Tuiite mtandao mwenyeji. Ile iliyokupa laini Mombasa ni mtandao wa nyumbani. Simu inapowaka, mwenyeji husoma namba iliyofichwa ndani ya kadi ya simu, ambayo kwa laini zote za Kenya huanza na 639, kisha huuliza nyumbani: huyu ni wenu? Nyumbani wakijibu ni wetu, mruhusuni, tangu hapo kila unachotumia kinakuwa deni la mtandao wa nyumbani. Mwenyeji hajui jina lako wala anwani yako, na hakudai wewe hata senti.

Mwenyeji huandika rekodi ya kila matumizi: namba ya kadi, saa ulipoanza, muda, kiasi cha data na bei. Rekodi hizo hufungwa pamoja katika faili iitwayo TAP, ambayo muundo wake umewekwa na GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani. Kila faili ina namba ya mfululizo, ili ikipotea moja pengo lionekane. Mara nyingi hupitia kampuni ya katikati inayokagua na kusafirisha faili za mitandao mingi, kisha mwisho wa mwezi pande mbili hukatana: nyinyi mnatudai hiki, sisi tunawadai kile, anayezidiwa analipa tofauti.

Bei katika faili hizo kwa kawaida huandikwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho thamani yake hutokana na dola, yuro, yuani, yeni na pauni. Hiyo ndiyo bei ya jumla, ambayo msafiri haioni kamwe. Unayoiona kwenye bili ni bei ya rejareja, aliyoipanga mtandao wa nyumbani mwenyewe kwa shilingi.

Nilimweleza halati kwa mfano wa duka. "Ukichukua sukari kwa jirani kwa jina la mumeo, jirani hakudai wewe. Anamdai yeye. Naye lazima alipe, uwe umemrudishia au hukumrudishia." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo wale wa Saudia wameshalipwa." Naam. Liweke hilo moyoni, maana tutakapofika kwenye malalamiko ndilo litakaloonyesha lipi linasikilizwa na lipi halisikilizwi.

Hatua ya kwanza: kabla ya kuondoka, uliza mambo matatu kuhusu bando

Halati alinunua bando la Saudia la GB 1 kwa siku saba, shilingi 2,500. Alifanya jambo la busara, ila hakuuliza maswali matatu, na kila swali lilimgharimu.

Swali la kwanza: linafanya kazi nchi zipi? Yeye alipanda ndege Mombasa, akabadilisha Addis Ababa, akashukia Jedda. Ethiopia haikuwamo katika bando. Pale Bole, uwanja wa ndege wa Addis, alikaa karibu saa mbili akisubiri ndege ya pili, akawasha simu kuwaambia wanawe amefika salama. Kikundi cha familia kilikuwa kimejaa dua, sauti na video za kumuaga. Akazifungua moja moja, kama ambavyo mama yeyote angefanya. Bili inaonyesha mistari 11 ya Ethiopia, jumla MB 96. Bei yake ya kawaida nje ya bando ilikuwa shilingi 40 kwa MB, kwa hiyo saa mbili za Bole zilikuwa shilingi 3,840, zaidi ya bando lake zima la wiki. Mstari mmoja ulikuwa wa matumizi madogo mno, sehemu ya tano ya MB, lakini umetozwa MB nzima, kwa sababu kampuni yake hukamilisha kila mstari kwenda juu. Simu inayokatakata mtandao huzaa mistari mingi mifupi, na kila mmoja hubeba ukamilishaji wake.

Swali la pili: linafanya kazi kwenye mtandao upi ndani ya nchi hiyo? Hili nitalirudia kwa urefu, maana wengi hawalijui.

Swali la tatu: saa inaanza kuhesabu lini? Bando la halati lilianza pale pale aliponunua, Jumapili usiku nyumbani saa 21:10, yaani saa tatu na dakika kumi, hali ndege ilikuwa Jumatatu. Siku saba zikaisha Jumapili iliyofuata saa hiyo hiyo, akiwa bado Madina na usiku mmoja mbele yake. Kama kampuni yako inaruhusu kununua bando ukiwa huko, subiri ufike. Ikiwa lazima ununue nyumbani, uliza kama linaanza kwa kununuliwa au kwa kutumiwa mara ya kwanza, na uandike siku na saa ya mwisho kwenye karatasi, si ndani ya simu. Anayekwenda Dubai akumbuke pia kwamba kule saa iko mbele yetu kwa saa moja. Bando linaloisha saa sita usiku kwa saa za Nairobi, kule linaisha saa saba.

Hatua ya pili: zima data ya roming kabla ndege haijaruka

Wengi huogopa kuzima kwa kuwa wanahitaji ujumbe wa benki na wa M-Pesa. Hofu hiyo haina msingi. Kuzima data ya roming hakuzimi laini. Simu hubaki imeandikishwa kwa mwenyeji, namba za siri za benki zinaingia kama kawaida, na kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi hakutozwi. Kinachofungwa ni intaneti tu.

Kwenye Samsung ingia `Settings`, `Connections`, `Mobile networks`, uzime `Data roaming`. Kwenye aifoni iko ndani ya `Data Roaming`, chini ya mipangilio ya data ya simu. Ukiwa na laini mbili kagua zote mbili, maana kila laini ina swichi yake.

Kisha funga mabomba yanayovuja yenyewe. WhatsApp kwenye Android ina sehemu ya `Media auto-download`, na humo kuna mstari `When roaming`: hakikisha hauruhusu picha, sauti wala video. Fungua programu inayohifadhi picha zako mtandaoni, uzuie isitumie data ya simu kabisa. Zima pia masasisho ya programu yanayojiendesha. Nasema ufanye haya nyumbani, umetulia, kwa sababu Jedda usiku wa manane, mizigo haijatoka na mutawifu anaita majina, hakuna atakayefungua mipangilio ya simu.

Jambo moja la sauti nalo niliseme haraka. Mtu wa Mombasa akikupigia ukiwa nje, simu yake huja kwanza kwa mtandao wa nyumbani, kisha husafirishwa hadi uliko, na sehemu hiyo ya pili mara nyingi unailipia wewe mpokeaji. Kama hukupokea na una sanduku la sauti, simu inaweza kurudishwa tena nyumbani, ikawa safari mbili kwa simu ambayo hukuigusa. Kabla ya kuondoka piga namba hii, ambayo hufuta uelekezaji wote wa simu kwenda sanduku la sauti au namba nyingine:

```
##002#
```

Hatua ya tatu: ukifika, chagua mtandao kwa mkono

Hapa ndipo halati alipoumia bila kufanya kosa lolote analolijua.

Saudia kuna mitandao mitatu mikubwa yenye minara yake: STC, Mobily na Zain. Mtandao wa nyumbani unaweza kuwa na mkataba na yote mitatu, lakini bei ya jumla haiwi moja. Na mmoja huenda wamekubaliana punguzo: sisi tutakuletea wasafiri wetu wengi, wewe utupunguzie, na wasafiri wenu wakija kwetu tutawapunguzia pia. Na wale wengine wanalipana bei ya kawaida ya orodha.

Mikataba hiyo ni siri baina ya kampuni, kwa hiyo chukua namba za mfano tu. Tuseme bei ya orodha ni SDR 0.04 kwa MB, na bei ya punguzo ni SDR 0.005. Tuseme SDR moja ni shilingi 175. MB 210 kwa bei ya orodha zinaigharimu kampuni ya nyumbani SDR 8.4, yaani shilingi 1,470. Kwa punguzo ni SDR 1.05, kama shilingi 184. Sasa unaona kwa nini bando la bei nafuu hufungwa kwenye mtandao mmoja: nje ya mtandao huo, GB 1 ya shilingi 2,500 ingekuwa hasara kwa muuzaji.

Kampuni ya nyumbani hujaribu kukuelekeza kwa yule mshirika. Kadi ya simu yenyewe ina orodha ya mitandao inayopendelewa, na simu ikijiandikisha kwa mwingine nyumbani wanaweza kuikataa mara kadhaa ili ihame. Lakini wakiona simu inarudi pale pale, wanaiacha ipite, maana msafiri asiye na mtandao kabisa ni tatizo kubwa kuliko msafiri wa gharama kubwa. Kwa hiyo mnara wa mshirika ukiwa dhaifu, simu itashika mwingine, haitakuuliza, na alama ya mtandao juu ya kioo itakuwa imejaa vizuri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa basi la halati kutoka Makka kwenda Madina. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, sehemu kubwa jangwani. Njiani simu ikahamia mtandao mwingine, naye alikuwa akimwonyesha mjukuu wake milima kwa simu ya video. MB 210 mara shilingi 40 ni shilingi 8,400. Kwenye bili mistari hiyo ina jina la mtandao tofauti na la mistari iliyo juu yake, ile ya shilingi sifuri iliyobebwa na bando. Jina tu ndilo linalotofautisha, na yeye hakuwa na sababu ya kulitazama.

Jinsi ya kujikinga: ingia sehemu ya kuchagua mtandao, kwenye Samsung ni `Network operators` na kwenye aifoni ni `Network Selection`, uondoe uchaguzi wa kujiendesha, usubiri orodha itokee, kisha uguse jina la mshirika uliloambiwa wakati wa kununua bando. Orodha inaweza kuchukua dakika moja au mbili, usikate tamaa. Baada ya hapo ndipo uwashe data ya roming.

Kuna gharama yake. Ukichagua kwa mkono, mahali mshirika hafiki simu itabaki bila mtandao hadi ubadilishe mwenyewe. Mimi naona hilo ni afadhali. Kimya cha simu jangwani utakigundua mara moja. Kuhama kwa mtandao hutakugundua mpaka bili.

Mbinu hiyo hiyo inawafaa jirani zetu wa Vanga na Lunga Lunga, hata wakiwa hawasafiri. Minara ya upande wa Tanzania inafika huku, na simu iliyoachiwa ijichagulie inaweza kulala Kenya ikiamka roming. Wafunge simu kwenye mtandao wao wa Kenya kwa mkono, na swichi ya data ya roming ikae imezimwa mwaka mzima. Wapo wanaodhani kwamba Afrika Mashariki haina gharama za roming. Mpango wa mtandao mmoja ulioanza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda ulishughulikia bei za kupiga na kupokea simu. Usichukulie kwamba data yako imo mpaka uisome bei yake.

Hatua ya nne: jipime kila jioni, usingoje ujumbe wa onyo

Halati aliuliza swali zuri kuliko yote. "Kama walijua natumia, mbona hawakuniambia?"

Jibu lina sehemu mbili. Faili za TAP hazina haraka. Mwenyeji hukusanya, hufunga, hutuma, na mtandao wa nyumbani kwa kawaida unaweza kukataa rekodi iliyozidi siku 30. Maana yake ni kwamba rekodi halali inaweza kufika wiki kadhaa baada ya wewe kurudi. Ipo njia ya haraka zaidi, NRTRDE, ambapo mwenyeji hutuma rekodi ndani ya saa nne. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya kukamata wizi wa laini, na saa nne za video ni nyingi mno.

Sehemu ya pili haisemwi mara nyingi. Kwa kawaida data yako ya roming haingii intaneti kule uliko. Hutoka kwenye mnara wa mwenyeji, ikapita mtandao maalumu unaounganisha kampuni za simu, ikarudi hadi kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani, na hapo ndipo inapoingia intaneti. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: ukiwa Madina kwa data ya roming, fungua tovuti inayoonyesha mahali anwani yako ya intaneti ilipo. Ikisema Kenya, basi kila megabaiti imepita mlangoni kwa kampuni yako kabla ya kukufikia, na huko imehesabiwa papo hapo.

Hii ndiyo sababu laini ya kuweka kredo kwanza hukatika salio likiisha, hata ukiwa ng'ambo. Mtambo wa nyumbani huulizwa kila baada ya kiasi fulani: ana salio? Hapana? Funga. Kwenye laini ya bili, kama ya halati, uwezo wa kuhesabu upo ule ule, ila hakuna salio la kugonga ukuta. Kinachokukinga ni kikomo ambacho kampuni imeweka, au ulichoomba wewe. Kwa hiyo kabla ya safari omba kikomo cha matumizi ya roming kwa maandishi, taja kiasi, na uhifadhi jibu lao. Mwenye laini mbili, moja ya bili na moja ya kredo, atumie ile ya kredo kwa data. Hasara yake haiwezi kupita alichoweka.

Kisha jioni baada ya Isha, fungua sehemu ya matumizi ya data kwenye simu yako na usome kiasi cha roming. Siku ya kwanza andika namba. Siku ya pili toa. Hesabu ya simu na ya kampuni hazitalingana sawasawa, lakini zikikaribiana uko salama. Ukiona bando lako halipungui ilhali simu inasema umetumia MB 80 leo, hiyo ndiyo dalili kwamba uko kwenye mtandao usio wa bando. Zima data hapo hapo, angalia jina la mtandao, ndipo uendelee.

Bando la halati, kwa uchungu, halikuisha kwa matumizi. Alitumia MB 640 tu, zikabaki MB 384. Liliisha kwa saa, Jumapili ile 21:10. Usiku huo akaweka simu kwenye chaji, akalala mapema ili aamke tahajudi. Waifai ya hoteli ikapotea, simu ikahamia data, na programu ya picha ikaanza kupandisha picha zote za wiki nzima. MB 320, shilingi 12,800, mtu akiwa usingizini. Data ya roming haisimami bando linapoisha. Inaendelea kwa bei ya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea, isipokuwa kampuni yako imeweka kizuizi. Ile karatasi ya siku na saa niliyoitaja juu kazi yake ni hii: saa moja kabla, zima swichi.

Hatua ya tano: ukirudi, usiilipe bili kabla hujaisoma

Omba bili ya kinagaubaga. Chukua kalamu, ugawanye mistari katika mafungu manne: nchi isiyo ya bando, mtandao usio wa bando, wakati usio wa bando, na isiyoeleweka. Saa kwenye mistari zinaweza kuwa za nchi uliyokuwa. Saudia na Ethiopia saa ni sawa na zetu, hakuna shida. Wa Dubai arudishe saa moja kabla ya kulinganisha na ujumbe alioupata.

Bili ya halati ilipangika hivi: bando 2,500, Addis 3,840, njia ya Madina 8,400, usiku wa mwisho 12,800. Jumla 27,540, sawasawa na walivyodai. Hapakuwa na fungu la nne. Nikamwambia asishangae mwezi ujao kukiwa na mstari mwingine, kwa sababu alirudi kupitia Addis tarehe 30 na bili ilifungwa tarehe 1. Kweli ukaja: MB 38, shilingi 1,520. Rekodi ya Ethiopia ilifika baada ya bili kufungwa. Wengi hudhani hiyo ni kutozwa mara mbili, wakalalamika, wakashindwa. Tazama tarehe ya matumizi, si tarehe ya bili.

Sasa malalamiko. Usimwandikie mwenyeji, hakujui. Usiseme "bei ni kubwa mno", kwa sababu bei uliikubali. Wala usiseme "sikutumia" kama simu yako yenyewe inaonyesha ulitumia. Yanayosikilizwa ni machache. La kwanza ni kiasi kisicholingana: kwa kuwa data ilipita kwenye mitambo ya nyumbani, kampuni ina hesabu yake mwenyewe, na una haki ya kuomba ilinganishwe na rekodi ya mwenyeji. Rekodi ya mwenyeji ikiwa na kosa, kampuni yako ina utaratibu wa kuikataa na kuirudisha, na hapo hailipi. La pili ni ahadi ambayo kampuni yako haikuitimiza: ujumbe wa onyo ambao haukuja, kikomo ambacho hakikufanya kazi, ukurasa wa bando ambao haukutaja mtandao. Hapo wewe na wao mnazungumza juu ya pesa zao, maana mwenyeji ameshalipwa au atalipwa, na marejesho yatatoka mfukoni mwao. Ndiyo maana uende na ushahidi.

Kwa halati tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Addis tuliiacha, nchi haikuwamo na masharti yalisema hivyo. Njia ya Madina tuliiacha pia, kwa sababu ukurasa wa bando ulitaja jina la mtandao mmoja, ingawa kwa maandishi madogo. Tulishika usiku wa mwisho peke yake. Masharti ya bando yalisema mteja atapata ujumbe muda wake ukimalizika. Ujumbe huo haukuwamo kwenye simu yake, hali jumbe nyingine za usiku ule ziliingia: tulipiga picha kioo kikionyesha ujumbe wa benki wa 21:40 na wa mwanawe wa 22:05. Kwa hiyo simu ilikuwa hewani na onyo halikutumwa. Tukaomba wathibitishe kwa kumbukumbu zao walilituma saa ngapi.

Tulipeleka barua kwa mkono, tukagongewa muhuri nakala yetu, tukachukua namba ya malalamiko. Namba hiyo muhimu, kwani ukitaka kwenda mbele hadi Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, watakuuliza kwanza kama ulianza na kampuni yako na ulijibiwa nini. Hatukufika huko. Baada ya siku 19 kampuni ilifuta zile shilingi 12,800. Halati alilipa 16,260 pamoja na ule mstari uliochelewa, akaniuliza ile karatasi ya saa niiandike sasa hivi au tusubiri mpaka atakapokata tiketi ya mwaka ujao.